Uzi Mmoja Ukilala, Nyuzi Ngapi Hulala Nao?

Mwenye kompyuta iliyowekewa Python anaweza kuliona jambo hili kwa macho yake. Programu ifuatayo inaanzisha kazi nne, na kila kazi haina shughuli nyingine ila kusubiri sekunde moja na kutangaza kwamba imemaliza.

```python
import asyncio, time

async def kazi(n):
    time.sleep(1)
    print("imekwisha", n)

async def main():
    await asyncio.gather(*(kazi(i) for i in range(4)))

t = time.time()
asyncio.run(main())
print(time.time() - t)
```

Kazi zote zimeanzishwa pamoja na hakuna inayomtegemea mwenzake, kwa hiyo mtu angetarajia zimalizike pamoja baada ya sekunde moja. Programu inachukua sekunde nne. Badilisha mstari wa `time.sleep(1)` uwe `await asyncio.sleep(1)` na muda unashuka hadi sekunde moja. Ukiandika badala yake `await asyncio.to_thread(time.sleep, 1)`, muda pia ni sekunde moja, ingawa sasa usingizi ni ule ule wa `time.sleep` uliotuchelewesha mwanzo.

Mashine ni moja, prosesa ni ile ile, na kusubiri hakuli nguvu yoyote ya prosesa. Kilichobadilika ni nani aliyelazwa. Programu inapoiomba kompyuta kitu ambacho hakiwezi kupatikana papo hapo, lazima mmoja alale mpaka kipatikane, na kuna njia tatu za kuamua nani huyo.

Uzi ni mfululizo mmoja wa amri unaotekelezwa ndani ya programu. Kila uzi unakumbuka mahali ulipofikia, na una staki yake, yaani kipande cha kumbukumbu unamoweka hesabu za kazi ulizoanza na hujazimaliza. Vitu vingine vyote, kama data, mafaili yaliyofunguliwa na miunganisho ya mtandao, nyuzi za programu moja huvitumia kwa pamoja. Nyuzi ziko katika ngazi mbili. Za juu ni zile anazozianzisha mwandishi wa programu. Za chini ni zile zinazojulikana na kerneli, ile sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka juu ya prosesa, diski na kadi ya mtandao. Kerneli hugawa muda wa prosesa kwa nyuzi za chini tu. Za juu haizioni. Uzi wa juu haufanyi kazi hata kidogo mpaka upakiwe juu ya uzi wa chini, na miundo mitatu tunayoizungumzia inatofautiana katika upakiaji huo. Nyuzi nyingi za juu zikipakiwa kwenye mmoja wa chini, huo ni muundo wa nyingi kwa mmoja. Kila wa juu ukipewa wa chini wake, ni mmoja kwa mmoja. Nyingi za juu zikigawana kundi dogo la za chini, ni nyingi kwa nyingi.

Programu ya kawaida haina ruhusa ya kugusa diski wala kadi ya mtandao yenyewe. Ikitaka kusoma, inapeleka ombi kwa kerneli, na ombi hilo ndilo mwito wa mfumo. Tuchukue `read`, mwito wa kusoma, unaotumika kwa faili na kwa muunganisho wa mtandao. Uzi unatoa mwito, prosesa inahamia ndani ya kerneli, na kerneli inatazama kama data imeshafika. Ikiwapo, inanakiliwa kwenye kumbukumbu ya programu na mwito unarudi baada ya muda mfupi mno. Ikiwa haijafika, kerneli huandika kwamba uzi huu unasubiri, huutoa kwenye orodha ya nyuzi zilizo tayari kuendeshwa, na kumpa prosesa mwingine. Data ikifika, diski au kadi ya mtandao humstua prosesa, kerneli humwamsha aliyekuwa anasubiri, na `read` inarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Mwito wa namna hii huitwa wa kusubirisha. Tatizo lote limo katika hatua ile ya kati, kwamba kerneli hulaza kile inachokijua, na inachokijua ni uzi wa chini.

Katika muundo wa nyingi kwa mmoja, kupanga zamu za nyuzi ni kazi ya maktaba iliyomo ndani ya programu yenyewe. Kuhama kutoka uzi hadi uzi ni kuhifadhi rejista chache na kubadilisha staki, bila kuingia ndani ya kerneli, kwa hiyo ni kazi nyepesi mno na nyuzi zinaweza kuwa maelfu. Matoleo ya kwanza ya Java kwenye mfumo wa Solaris yalifanya hivi, na maktaba ya GNU Pth inafanya hivi. Programu yetu ya mwanzo, ile ya `asyncio`, ni ya ukoo huo huo, kwani kazi zake nne zote ziko juu ya uzi mmoja wa chini.

Fikiria kikundi cha akina mama kumi wa vikoba wanaomtuma mjumbe mmoja benki, mkononi ana shughuli za wote kumi. Karani anamjua mjumbe tu. Shughuli ya kwanza ikikwama na karani akisema, "Kaa pale usubiri," shughuli tisa zilizobaki zinakaa naye, hata zile ambazo zingemalizwa kwa dakika moja kwenye dirisha la pili. Karani hana kosa, kwa kuwa hakuambiwa kwamba nyuma ya mtu huyu kuna watu kumi.

Hivyo ndivyo kazi ya kwanza ya programu yetu ilivyofanya. Ilitoa mwito wa kulala sekunde moja, kerneli ikaulaza uzi wa chini, na mpanga zamu wa `asyncio`, ambaye naye anaishi juu ya uzi huo huo, akalala pamoja nao. Hakubaki mtu wa kuipa zamu kazi ya pili. Kompyuta yenye kori nane haingesaidia kitu, maana uzi mmoja wa chini huwa kwenye kori moja tu kwa wakati mmoja.

Waandishi wa maktaba hizi walilijua tatizo na wakabuni kinga. Kila mwito wa kusubirisha huvishwa koti. Programu inapoita `read`, inaipata kwanza `read` ya maktaba, na hiyo huiuliza kerneli kwa mwito wa `select` kama data iko tayari. Ikiwa tayari, inasoma. Ikiwa bado, inaweka alama kwamba uzi huu wa juu unasubiri, inampa zamu mwingine, na itauliza tena baadaye. Kwa mtandao hila hii inafanya kazi vizuri sana. Pia ndiyo siri ya `await asyncio.sleep(1)`, ambayo haiendi kulala kwenye kerneli. Inamwambia mpanga zamu amwamshe baada ya sekunde moja, na zamu inapita kwa mwingine.

Koti hilo lina mianya. Wa kwanza, ambao huwashangaza hata waandishi wazoefu, ni faili la kawaida lililo diskini. Ukiiuliza `select` kama faili hilo liko tayari kusomwa, jibu ni ndiyo, daima, hata kama data iko kwenye diski ya polepole na itachukua milisekunde kumi kufika. Alama ya `O_NONBLOCK`, inayoufanya muunganisho wa mtandao urudishe jibu la "bado" badala ya kusubirisha, haina athari yoyote kwa faili la kawaida. Kwenye Linux, ukijaribu kulisajili faili hilo kwenye `epoll`, ambayo ni ndugu mpya na mwenye kasi zaidi wa `select`, unapewa kosa la `EPERM`. Maktaba haina namna ya kujua kwamba mwito unaofuata utalaza.

Mwanya wa pili ni msimbo wa watu wengine. Programu ikitumia maktaba ya hifadhidata iliyoandikwa kwa C, na maktaba hiyo ikaita kerneli moja kwa moja, koti limepitwa. Wa tatu hauzibiki kabisa. Ukurasa wa kumbukumbu ukiwa umehamishiwa diskini, uzi unaougusa unalazwa hata kama haukutoa mwito wowote. Ulikuwa unasoma tu kigezo chake mwenyewe. Hakuna koti la kuvisha hapo, kwa sababu hakuna mwito.

Muundo wa mmoja kwa mmoja unayaondoa haya yote kwa pigo moja. Kila uzi wa mwandishi unajulikana na kerneli. Ukitoa `read` na data haipo, unalala peke yake, na wenzake wanaendelea kwenye kori zozote zilizo huru. Faili, hifadhidata ya C, ukurasa uliohamishwa, vyote vinamlaza mhusika tu. Ndiyo maana `asyncio.to_thread` ilitutoa kwenye sekunde nne: kila usingizi ulipewa uzi wake wa chini. Windows ya ukoo wa NT inafuata muundo huu, na Linux vilevile.

Bei yake ni kwamba kila uzi sasa ni mali ya kerneli. Kuuanzisha ni mwito wa mfumo, kuulaza na kuuamsha ni kupita ndani ya kerneli, na kila mmoja unatengewa staki. Kwa kawaida Linux hutenga megabaiti 8 za anwani kwa staki ya kila uzi. Si kumbukumbu halisi, kwa kuwa kurasa hutolewa kadiri zinavyoguswa, lakini anwani zenyewe zina kikomo. Kwenye mashine ya zamani ya biti 32, ambako programu hupata takribani gigabaiti 3 za anwani, ukigawa kwa 8 unapata nyuzi 384, na hapo hujaweka hata data ya programu. Seva yenye wateja 5,000, kila mmoja na uzi wake, haikuwezekana kwa mpangilio huo.

Linux yenyewe ilifika hapa kwa shida. Maktaba yake ya kwanza iliyoenea, LinuxThreads ya Xavier Leroy, ilikuwa ya mmoja kwa mmoja tangu miaka ya 1990, ila ilikuwa nzito, na ilihitaji uzi wa ziada wa kuwasimamia wengine. Kufikia mwaka 2002 kulikuwa na mapendekezo mawili ya kuirithi. Kampuni ya IBM iliongoza mradi wa NGPT, wenye muundo wa nyingi kwa nyingi. Ulrich Drepper na Ingo Molnar wa Red Hat wakashikilia mmoja kwa mmoja, kwa hoja kwamba dawa ni kuirekebisha kerneli mpaka nyuzi zake ziwe nyepesi. Maktaba yao, NPTL, ilianzisha nyuzi 100,000 kwa sekunde mbili kwenye prosesa ya biti 32, kazi ambayo kwa mfumo wa awali ilichukua kama dakika 15. Mwaka 2003 ilikuwa ndani ya Red Hat Linux 9, na NGPT ikaachwa.

Naona ushindi huo ulikuwa wa haki, na sababu inaonekana vizuri zaidi ukitazama yaliyowapata waliochagua njia ya tatu.

Nyingi kwa nyingi, ukiisikia mara ya kwanza, ina mvuto mkubwa. Nyuzi za juu ziwe elfu moja, nyepesi. Za chini ziwe chache, labda sawa na idadi ya kori. Mmoja wa chini akilazwa, wengine wapo. Solaris ya kampuni ya Sun ilijengwa hivyo katika miaka ya 1990, na nyuzi zake za chini ziliitwa LWP, jina ambalo hata leo linaonekana kama kichwa cha safu kwenye matokeo ya amri ya `ps`.

Tuipitie hali moja. Programu ina nyuzi tatu za juu na LWP mbili, juu ya mashine yenye prosesa mbili. Uzi wa kwanza unaita `read` kwenye faili na kulala, pamoja na LWP yake. Uzi wa pili uko kwenye LWP nyingine, unapiga hesabu ndefu. Uzi wa tatu uko tayari kabisa kufanya kazi, na prosesa moja iko wazi, lakini hakuna LWP ya kuupakia. Solaris ilikuwa na ishara maalumu, `SIGWAITING`, ambayo kerneli iliituma kwa programu ili maktaba iongeze LWP mpya. Ishara hiyo ilitumwa pale tu LWP zote zilipokuwa zimelala. Hapa moja bado iko macho, ikipiga hesabu, kwa hiyo ishara haiji. Uzi wa tatu unasubiri huku prosesa ikikaa bure, na anayetazama kwa nje anaona seva inayojibu polepole huku matumizi ya prosesa yakiwa nusu. Mwandishi wa programu aliweza kuita `pthread_setconcurrency` na kupendekeza LWP ziwe ngapi, lakini alipaswa kukisia: chache mno zinarudisha tatizo, nyingi mno zinamrudisha kwenye gharama aliyoikimbia.

Leo Python inakuonyesha jambo hilo hilo. Kundi la nyuzi linalotumiwa na `asyncio.to_thread` lina kikomo, ambacho kwa kawaida ni idadi ya kori na nne zaidi, bila kuvuka 32. Kwenye mashine ya kori nne hizo ni nyuzi 8. Badilisha `range(4)` kuwa `range(40)` na programu iliyomalizika kwa sekunde moja itachukua tano, maana kazi 40 zinalala kwa mafungu ya nane nane. Kinachouma zaidi ni kwamba `asyncio` hutumia kundi hilo hilo kutafuta anwani za majina ya mtandao. Nyuzi nane zikilazwa na faili za polepole, hata kazi inayotaka tu kuijua anwani ya seva inakaa kwenye foleni, na mwenye programu anaanza kuulaumu mtandao usio na kosa.

Watafiti walikuwa wameona kiini cha tatizo mapema. Mwaka 1991 Thomas Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitoa pendekezo la kuzifanya kerneli na maktaba ziongee. Uzi wa chini ukilazwa, kerneli isinyamaze. Ipandishe taarifa kwa maktaba pale pale, ikiiambia kwamba fulani amelala na kuipa uzi mwingine wa chini wa kuendelea nao. Akiamka, taarifa nyingine. Katika hali yetu ya Solaris, uzi wa tatu ungepakiwa mara tu wa kwanza alipolala. FreeBSD na NetBSD zilijaribu kulijenga wazo hili kwa vitendo, na zote mbili zikakuta kerneli yao imejaa utata ambao ni vigumu kuusahihisha. Ishara ikifika wakati taarifa iko njiani, ukurasa ukikosekana ndani ya maktaba yenyewe inapopanga zamu, uzi ukilazwa huku umeshika kufuli ambalo mpanga zamu analihitaji, kila hali kama hiyo ilidai ushughulikiaji wake. Solaris 9, mwaka 2002, ilihamia mmoja kwa mmoja. FreeBSD 7.0 ikafuata mwaka 2008, na NetBSD 5.0 mwaka 2009.

Hadithi ingeishia hapo, lakini wateja waliongezeka. Seva ya mazungumzo au ya malipo ina miunganisho laki moja, na mingi inasubiri tu. Kuipa kila mmoja uzi wa kerneli bado ni mzigo. Nyingi kwa nyingi ikarudi, safari hii kupitia lugha ya Go, na safari hii imekaa. Tofauti haiko kwenye kerneli, ambayo haikupewa uwezo wa kupandisha taarifa. Iko mahali mpanga zamu alipowekwa. Maktaba ya Solaris ilikaa chini ya programu za C, na programu ya C huita kerneli itakavyo. Katika Go, karibu kila mwito wa mfumo hupitia mikononi mwa mfumo wa uendeshaji wa lugha yenyewe, kwa hiyo mpanga zamu anajua kabla uzi haujaingia kwenye kerneli kwamba unaweza kulazwa.

Mpanga zamu wa Go ana vitu vitatu. Kuna uzi wa juu, unaoanza na staki ya kilobaiti 2 tu. Kuna uzi wa chini. Na kuna kibali cha kuendesha, ambacho idadi yake kwa kawaida ni sawa na kori. Uzi wa chini usio na kibali hauruhusiwi kuendesha msimbo wa Go. Sasa uzi wa juu unasoma kutoka kwenye mtandao na data haijafika. Muunganisho umewekwa hali ya kutosubirisha, kerneli inajibu "bado", mpanga zamu anauweka uzi huo pembeni na kuuacha `epoll` iangalie. Uzi wa chini unapakia mwingine na kuendelea. Miunganisho laki moja ikisubiri kwa namna hii, nyuzi za chini zinabaki chache tu.

Kwa faili njia hiyo haipo, kama tulivyoona, basi Go inakubali kwamba uzi wa chini utalala. Kabla ya mwito, inaandika kwenye kibali kwamba mwenye nacho ameingia kwenye kerneli. Mwito ukirudi haraka, anaendelea na kibali chake kana kwamba hakuondoka. Lakini kuna mlinzi, uzi wa chini wa pekee usiohitaji kibali, anayezunguka kila baada ya muda mfupi, kuanzia mikrosekunde 20 hadi milisekunde 10 kutegemea shughuli iliyopo. Akikuta kibali kimeshikwa na aliyekawia ndani ya mwito huku kuna wengine wanangoja zamu, anakinyang'anya na kumpa uzi mwingine wa chini. Kama hakuna ulio huru, mpya unaanzishwa. Aliyelala akiamka bila kibali, anatafuta kingine. Akikikosa, uzi wake wa juu unarudishwa kwenye foleni, naye anakwenda kupumzika. Uzi wa tatu wa ile hali ya Solaris hapa usingesubiri mpaka wote walale.

Gharama ya ukarimu huu inaonekana diski inapokwama. Chukua seva ya Go kwenye mashine ya kori nne, inayosoma faili zilizoko kwenye diski ya mbali kwa NFS, na seva ile ya mbali inyamaze. Kila ombi jipya la mteja linaanzisha uzi wa juu, unaita `read`, unalala ndani ya kerneli na hauamki. Mlinzi ananyang'anya kibali na kuanzisha uzi mpya wa chini, nao unapokea ombi linalofuata na kulala vivyo hivyo. Vibali ni vinne muda wote, lakini nyuzi za chini zinapanda kwa kiasi cha ombi baada ya ombi. Zikivuka 10,000, ambacho ndicho kikomo cha kawaida cha Go, programu inajiua na kuacha maneno haya:

```
runtime: program exceeds 10000-thread limit
fatal error: thread exhaustion
```

Kuongeza kikomo kwa `debug.SetMaxThreads` kunaahirisha kifo tu. Kinachofaa ni kupunguza kwa makusudi idadi ya nyuzi zinazoruhusiwa kugusa diski hiyo kwa wakati mmoja, labda ishirini, na kuwajibu wateja wengine kwamba huduma haipatikani.

Java nayo ilirudi njia hii mwezi Septemba 2023, toleo la 21, kwa nyuzi zake za mtandaopepe. Uzi wa juu ukisubiri mtandao, unashushwa kutoka kwenye uzi wa chini uliokuwa umeubeba. Kwa faili nyingi haushuki, na Java hufidia kwa kuongeza wabebaji kwa muda, kwa kawaida wasizidi 256 kwa jumla. Toleo hilo lilikuwa na mtego wake: uzi uliosubiri ukiwa ndani ya kizuizi cha `synchronized` uling'ang'ania mbebaji wake, na hapo hakuna aliyeongezwa. Mashine ya kori nne ingeweza kusimama kabisa kwa nyuzi nne tu zilizong'ang'ania hivyo, huku maelfu mengine yakiwa tayari kuendelea. Toleo la 24, la Machi 2025, liliondoa sehemu kubwa ya mtego huo.

Mwenye seva ya Linux iliyoganda hahitaji kukisia yuko katika hali gani. Amri hii inaorodhesha nyuzi za chini za programu, hali ya kila mmoja, na mahali ulipolala ndani ya kerneli:

```
ps -L -o tid,stat,wchan:30,comm -p PID
```

Herufi `S` kwenye safu ya pili ni usingizi wa kawaida, aghalabu wa kusubiri mtandao au saa. Herufi `D` ni usingizi usioamshwa na ishara za kawaida, na mara nyingi unamaanisha diski. Ukiona mstari mmoja peke yake, wenye `D`, na seva haijibu mtu yeyote, mbele yako una nyingi kwa mmoja iliyolazwa na mwito mmoja. Kama ni ya `asyncio`, iendeshe upya ukiwa umeweka `PYTHONASYNCIODEBUG=1`, nayo itaandika kila kazi iliyoshika uzi zaidi ya sekunde 0.1, pamoja na jina lake. Mistari kadhaa yenye `D` na mingine inayofanya kazi huku wateja wengi wakihudumiwa ni mmoja kwa mmoja inayovumilia. Mistari inayozidi kila unaporudia amri, yote ikiwa `D`, na safu ya `wchan` ikitaja majina yanayoanza na `nfs` au `rpc`, ni ile seva ya Go ikielekea 10,000, na bado una muda wa kuikata ile diski kabla haijafika.